Ubao wa kazi kwa aliye Pemba na msimamizi aliye Unguja

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akipangiwa Chake Chake na msimamizi wake akawa Mjini Unguja, kuna swali litakalopita baina yao kila wiki: "Umefika wapi?" Mwanafunzi hujibu, "Naendelea vizuri, Maalim," na kweli anaendelea. Lakini jibu hilo halimwambii Maalim kama atafute nauli, ampigie simu sheha, atoe uamuzi, au asubiri tu. Wiki ya tano wote wawili wanashtuka, na hakuna aliyedanganya.

Nimekuwa upande wa kujibu, na sasa niko upande wa kuuliza. Nitaeleza ubao tunaoutumia, wenye kadi za kazi zinazosogezwa kutoka safu moja kwenda nyengine, hatua kwa hatua, kwa kufuata kazi moja tangu siku ya kwanza. Kazi yenyewe ililetwa kwa sentensi moja: "Tayarisha orodha ya wakulima wa mwani wa Tumbe, Makangale na Kisiwa Panza, pamoja na idadi ya kamba zao, kwa wiki sita." Vikundi vilikuwa na madaftari ya mkono. Daftari la Tumbe lina kurasa 38, la Makangale 52 na la Kisiwa Panza 30.

Vunja kazi kabla ya kuchora chochote

Watu wengi huanza na ubao: rangi, mistari, vichwa vya habari. Anza na kazi. Kadi moja iwe kazi ya siku moja, au mbili zikizidi sana. Kadi iliyoandikwa "Orodha ya wakulima" itakaa pahala pamoja wiki sita, na ubao wenye kadi isiyosogea haumwonyeshi msimamizi kitu chochote.

Siku ya kwanza kijana aliyepewa kazi hiyo aliingiza kurasa kumi kwenye jedwali kabla ya adhuhuri, akakadiria kwamba kurasa 20 kwa siku anaziweza bila kuharakisha. Kwa kipimo hicho, Tumbe ikawa kadi mbili, Makangale kadi tatu (1–20, 21–40, 41–52) na Kisiwa Panza kadi mbili. Hizo ni saba. Juu yake kukawa na kadi tatu za kutafuta majina yaliyojirudia, moja kwa kila kijiji. Tatu za kwenda pwani kuhesabu kamba. Moja ya jedwali la pamoja na moja ya ripoti. Jumla kadi 15.

Andika kila kadi kwa kitenzi, pahala na kipimo, kisha chini yake andika sharti la kumalizika. Sharti hili ndilo linalozuia ugomvi baadaye, kwa hivyo liandike kwa namna ambayo mtu mwengine anaweza kulikagua bila kukuuliza. Kadi ya pili ya Tumbe iliandikwa hivi:

*Ingiza daftari la Tumbe, ukurasa 21–38. Imekwisha pale: namba ya mwisho ya daftari inalingana na ya mwisho kwenye jedwali, na mwenzangu amelinganisha kurasa tatu alizozichagua yeye.*

Angalia maneno "alizozichagua yeye". Bila hayo mtu huonyesha kurasa zake nzuri. Hapana nia mbaya, mkono tu huenda kwenye kurasa zilizoandikwa vizuri.

Safu tano, na kwa nini si tatu

Ubao wa kawaida una safu tatu: za kufanya, zinazofanywa, zilizokwisha. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake chumbani zinatosha. Kwa aliye chini ya msimamizi hazitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wa kazi haipotei mkononi mwake. Inapotea kwa watu wengine: katibu wa kikundi hajarudisha simu, idhini ya safari haijatoka, maji hayajakauka. Safu tatu zikiwa ndizo pekee, kadi hizo zote hulundikana kwenye "zinazofanywa", na msimamizi akitazama anaona kijana mzito.

Sisi tunatumia hizi, kutoka kushoto kwenda kulia: Zijazo, Inafanywa, Inasubiri, Kwa Msimamizi, Imekwisha.

"Inasubiri" ni ya kitu kilicho nje ya uwezo wenu nyote wawili kwa wakati huo. "Kwa Msimamizi" ni ya kitu ambacho yeye akisema neno, kinasogea. Usizichanganye. Kadi haiingii katika safu ya "Inasubiri" bila mambo mawili kuandikwa juu yake: inasubiri nani au nini, na tarehe ya kuulizia tena. Kadi iliyoandikwa "inasubiri taarifa" irudishe ulikoitoa ukaiandike upya.

Kwa vifaa usihangaike. Karatasi moja ya manila ukutani, maka peni, na karatasi za A4 zilizokatwa vipande vinane kila moja. Kila kipande kinakuwa na ukubwa wa kiganja. Zile karatasi ndogo za kunata zinazouzwa madukani mimi siziamini. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na pangaboi likizunguka, asubuhi unazikuta sakafuni, na hujui tena ipi ilikuwa wapi. Tumia selotepu, ukiikunja kona ili ibanduke kwa urahisi. Na usiandike namba ya simu wala namba ya kitambulisho ya mkulima yeyote kwenye kadi. Ukuta unasomwa na kila anayeingia.

Kadi mbili tu mkononi

Safu ya "Inafanywa" isiwe na kadi zaidi ya mbili. Ubao huu asili yake ni viwanda vya Toyota nchini Japani, na kule kadi haikuwekwa kwa ajili ya kuonyesha kazi. Iliwekwa ili kuizuia: sehemu moja ya kiwanda isitengeneze kitu mpaka sehemu inayofuata ikihitaji. Watu wengi wamechukua ubao wakaiacha breki.

Hesabu yake ni nyepesi. Muda ambao kadi moja hukaa wazi, kwa wastani, ni idadi ya kadi zilizo wazi ukigawa kwa idadi unayomaliza kila wiki. Kijana anayemaliza kadi tatu kwa wiki, akifungua sita kwa pamoja, kila kadi itachukua kama wiki mbili. Akifungua mbili, kila kadi inakwisha kwa siku tatu au nne za kazi. Bidii yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba msimamizi wa yule wa kwanza atakaa wiki mbili bila ya kuona kitu kilichokamilika, na kosa la namna ya kuingiza majina litagunduliwa baada ya kurudiwa katika kadi sita badala ya mbili.

Kwa nini mbili na si moja? Kwa sababu umeme ukikatika, au mtandao ukilala, ile ya pili iwe ni kazi ya daftari na kalamu.

Nukta kila jioni

Kila siku kabla ya kuondoka, weka nukta moja kwa kalamu nyekundu juu ya kila kadi iliyobaki kwenye "Inafanywa". Ni jambo la nusu dakika. Kadi ya siku moja yenye nukta mbili ni kawaida. Ikifika tatu, simama uiulize ina nini.

Wiki ya pili kadi ya Makangale, ukurasa 21–40, ilifika nukta nne. Kijana alikuwa akifanya kazi kwa bidii, lakini daftari liliwahi kuloa, na kurasa saba zilikuwa na wino uliotawanyika. Alikuwa akilielekeza dirishani, akipiga picha, akikisia herufi. Nukta ndizo zilizomfanya aseme. Dawa ilikuwa kuikata kadi: kurasa 13 zinazosomeka zikabaki na kumalizwa siku ile ile, na zile saba zikawa kadi mpya katika "Inasubiri", imeandikwa *katibu wa kikundi, Makangale, ana daftari la mauzo lenye majina yale yale, kuulizia Jumatatu.* Kadi zikawa 16. Kuongezeka kwa kadi si kurudi nyuma, lakini mwambie msimamizi sababu siku hiyo hiyo, asije akazihesabu mwenyewe akashangaa.

Safu ya Kwa Msimamizi

Kadi ya kwanza kufika hapo ilitoka kwenye kutafuta majina yaliyojirudia. Katika daftari la Tumbe, jina moja liliandikwa "Fatma" ukurasa wa 6 na "Fatuma" ukurasa wa 31, majina ya baba na babu ni sawa. Ni mtu mmoja au wawili? Katika vijiji vyetu, majina yakizunguka katika ukoo ule ule, huwezi kuamua ukiwa mezani.

Kadi inayokwenda kwa msimamizi iwe na swali linalojibika kwa neno moja au sentensi moja, na pendekezo lako. Si "Kuna tatizo la majina". Aliandika: *Majina 11 ya Tumbe yana shaka. Napendekeza nisiyafute, niyatie alama, tuwaulize wenyewe siku ya kwenda pwani kwa kuangalia Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nikubaliwe?* Jibu lilikuja kwa simu baada ya saa moja: "Sawa, fanya hivyo na kwa vijiji vyengine." Kadi ikasogea.

Mara nyengine jibu haliji. Hapa vijana wengi hunyamaza kwa heshima, kisha kazi inachelewa na lawama inawaangukia wao. Heshima na ukumbusho vinakaa pamoja. Andika: "Asalaam aleikum Maalim. Kadi mbili ziko kwako tangu Jumanne. Ya nauli ndiyo yenye haraka. Nikipata jibu kabla ya Jumatatu, safari ya Tumbe itakuwepo." Umetaja tarehe, umetaja ipi ina haraka, na umetaja kitakachofuata. Hukumlaumu mtu. Na msimamizi akirudisha kadi kwa marekebisho, usiandike kadi mpya. Irudishe ile ile kwenye "Inafanywa" na sababu yake kwa wino mwekundu, ili siku ya mwisho ionekane ilikwenda na kurudi mara ngapi.

Kumwonyesha aliye ng'ambo

Picha ya ubao kwa WhatsApp kila Alhamisi saa tisa mchana inatosha kwa wengi. Alhamisi kwa sababu Ijumaa siku ni fupi, na msimamizi akiwa na jambo la kuuliza anapata asubuhi ya Ijumaa kulishughulikia. Chini ya picha weka mistari minne: kilichokwisha wiki hii, kinachofanywa, kinachosubiri na mpaka lini, kinachohitajika kwako.

Msimamizi anayependa kuangalia wakati wowote mwekee nakala kwenye Google Sheets. Fungua jedwali lenye safu A mpaka F: namba, kazi, sharti la kumalizika, hali, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Kwenye safu D weka orodha ya kuchagua (`Insert`, kisha `Dropdown`) yenye zile hali tano, ili pasiwe na mtu anayeandika "imeisha" na mwengine "imekwisha", maana hesabu haitazijumlisha pamoja. Mshirikishe msimamizi kama `Viewer`, au `Commenter` akitaka kuandika maoni. Kisha weka fomula hizi mbili. Ya kwanza inahesabu kadi zilizo mkononi; ya pili, ukiiweka G2 na kuinakili kwenye mistari ya chini yake, inafanya kazi ya nukta:

```
=COUNTIF(D2:D40,"Inafanywa")
=IF(D2="Inafanywa",NETWORKDAYS(E2,TODAY())-1,"")
```

`NETWORKDAYS` huruka Jumamosi na Jumapili, na huihesabu siku ya kuanza na ya leo pia; nukta ya leo huwekwa jioni, ndiyo maana tunatoa moja. Sikukuu haizijui, kwa hivyo baada ya Idi nambari zitakuwa juu kidogo. Ukiwa na ukuta na jedwali pamoja, ukuta ndio wa kuaminiwa. Jedwali lijazwe jioni wakati wa kuweka nukta. Viwili hivyo vikianza kupingana, acha kimoja.

Na usiripoti kwa asilimia. "Nimefika asilimia 80" ni hisia, hakuna anayeweza kuikagua. Hesabu kadi zilizokwisha, kwa kila wiki.

Alhamisi ya wiki ya tatu

Hapa ndipo ubao ulipoonyesha thamani yake, nami nataka nilieleze jambo hili lote. Wiki ya kwanza zilikwisha kadi mbili, ya pili nne, ya tatu tatu: jumla tisa. Zilizokwisha ni kadi saba za kuingiza majina, na za kutafuta marudio ya Tumbe na Kisiwa Panza. Zimebaki saba. Kwa mwendo wa kadi tatu kwa wiki, ungesema wiki mbili na kitu, kazi itakwisha mapema ndani ya wiki ya sita. Hesabu hiyo ni nzuri, na ni ya makosa.

Zisome hizo saba. Kurasa saba za Makangale zilizoloa zinamsubiri katibu. Marudio ya Makangale hayawezi kutafutwa mpaka kurasa hizo ziingie. Safari tatu za pwani zinasubiri maji. Jedwali linasubiri safari, na ripoti inasubiri jedwali. Hakuna hata moja ambayo kijana anaweza kuimaliza kwa kukaa mezani muda mrefu zaidi. Wastani wa wiki tatu zilizopita ulikuwa wa kazi za mezani, na kazi za mezani zimekwisha.

Kamba za mwani huonekana vizuri wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya kutimia, ambapo maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwenye maji mafu huwezi kuhesabu kitu. Bamvua lilikuwa wiki inayofuata. Likipita, jengine ni baada ya wiki mbili. Kwa hivyo mambo yalikuwa mawili tu: safari zote tatu zifanyike wiki ya nne na kazi iishe wiki ya tano, au zikosekane, safari ziwe wiki ya sita, na ripoti itoke nje ya muda.

Kijana alituma picha. Simu ikaja baada ya muda mfupi. "Hizi mbili za Makangale kwenye Inasubiri, mbona ni pahala pamoja? Huyo katibu siku za bamvua si yuko pwani na wenzake?"

"Yuko pwani, Maalim."

"Basi ndiyo maana hapokei simu. Mwambie sheha amfikishie salamu aje na daftari la mauzo."

Kadi mbili zikawa safari moja, na hilo lilionekana kwa sababu zilikuwa zimeandikwa zinasubiri nini. Nauli iliidhinishwa Ijumaa asubuhi. Tumbe ikawa Jumanne, Makangale Jumatano, Kisiwa Panza Alhamisi. Hii ya mwisho ikihitaji kufika Chokocho mapema ili kuvuka kwa boti kabla maji hayajakauka sana.

Panapoharibika

Dalili ya kwanza ni kadi kusogezwa siku ya Alhamisi tu, dakika kumi kabla ya picha. Utaijua kwa nukta: kadi inatoka "Zijazo" mpaka "Imekwisha" bila hata moja, wiki baada ya wiki. Ubao huo umegeuka mapambo ya ripoti. Msimamizi asikaripie, aulize kila kadi ilikuwa na ukubwa gani, maana mara nyingi kadi ni ndogo mno, za saa moja moja, na kijana amechoka kuzisogeza. Ziunganishe zifike nusu siku au zaidi.

Ya pili hutoka kwa msimamizi mwenyewe: anapiga simu na kazi mpya, "hii ya leo leo", na kijana anaiingiza kama kadi ya tatu kwenye "Inafanywa". Hapo muulize kwa adabu: "Sawa Maalim, naianza sasa. Niirudishe ipi kati ya hizi mbili?" Swali hilo si ukaidi. Linamfanya aone bei ya agizo lake, na mara nyingi atasema ingoje mpaka kesho.

Ya tatu ni safu ya "Inasubiri" kujaa. Ikizidi kadi nne, acha kuanza kazi mpya siku moja nzima, uwapigie simu wote walioandikwa humo. Ukikuta kadi ambayo tarehe yake ya kuulizia imepita mara mbili bila jibu, ihamishie "Kwa Msimamizi", kwa sababu simu yake inapokelewa pale ambapo yako haipokelewi.

Kadi zilizokwisha usizitupe. Andika tarehe ya kumaliza nyuma yake, zifunge kwa mpira wiki kwa wiki, uzitie ndani ya bahasha. Mwisho wa mafunzo, daftari la kumbukumbu linalodaiwa na chuo utalijaza kwa kuzitoa moja moja, na msimamizi atatia saini akiwa ameshaziona zote.